UZI: Kubazi langu limeigwa, mwezi wa tatu sasa. Nimshtaki, nimkimbie au nimwache?

BintiNgamiani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga mjini, Ngamiani, nashona makubazi mwaka wa nne huu. Najua makubazi si ya mtu, babu zetu wameyavaa na majirani wa Mombasa na Lamu wanayashona pia. Langu lilipata umaarufu nilipotoboa mkanda wa juu vidirisha vitatu, nikapitisha chini yake utepe wa ukili wa zambarau na manjano. Mguu ukikunja, ule ukili unachungulia. Watu walilipenda mpaka nikashangaa mwenyewe.

Sasa kuna bwana mmoja mwenye karakana kubwa kuliko yangu, amelitoa lile lile. Vidirisha kaweka viwili, na chini hakuna ukili bali plastiki iliyochapwa mistari ya kufanana na ukili. Soli nyepesi. Anauza 18,000. Mimi nauza 38,000.

Kabla yake nilikuwa natoa jozi 60 kwa mwezi: 25 nauza mwenyewe hapa na kwa simu, 35 zinachukuliwa na maduka manne kwa bei ya jumla ya 28,000. Jozi moja inanigharimu 19,500 nikihesabu ngozi, soli, ukili, gundi, uzi na ujira wa fundi. Mwezi uliopita maduka yamechukua 12 tu.

Wakili niliyemuuliza kanitajia milioni moja na nusu ya kuanzia. Ya kuanzia tu. Ndugu zangu wananiambia nimpeleke mahakamani, mume wangu anasema nitoe mtindo mpya, na mimi usiku silali. Nyie mnasemaje?

MzeeWaMkonge

Mshtaki bila huruma. Hamkuona Apple alivyomburuza Samsung kwa kuiga umbo la simu? Samsung alilipa mpaka akanyooka. Mwizi ni mwizi, awe wa simu awe wa ndara.

Kijana_Usagara

Kesi hamna hapo. Sheria inasema ukibadilisha asilimia 30 ya kitu kinakuwa chako. Yeye kaondoa dirisha moja kati ya matatu na kaondoa ukili, hiyo inazidi asilimia 30. Kawazidi akili.

ShangaziPongwe

Dada samahani nje ya mada kidogo, huo ukili wa zambarau unaupata kwa nani? Mimi nachemsha rangi inatoka kwenye maji ya kwanza tu. Nahitaji kama pima ishirini za mkeka wa harusi.

BintiNgamiani

Shangazi nitakujibu faragha, hapa tuache kwanza.

WakiliWaPwani

Dada, kabla sijasema lolote nina maswali manne. Jina lako la biashara umelisajili kwa wakala wa usajili BRELA kama alama ya biashara, au una leseni ya biashara tu? Picha ya kwanza ya hilo kubazi uliiweka hadharani lini? Nani aliyebuni vile vidirisha, wewe au fundi? Na la mwisho, ambalo ndilo zito: huyo bwana, au mtu yeyote, anauza mali yake kwa jina lako?

Mzee wangu wa Mkonge, kesi ya Apple ilifunguliwa 2011, hukumu ya kwanza ikaja 2012, ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani 2016, na wakapatana 2018. Miaka saba. Simu zilizogombewa zilikuwa zimeshazeeka, na muda wote huo Samsung aliendelea kutoa mpya. Isitoshe, Apple alikuwa ameshasajili maumbo yake kabla ya ugomvi. Hapo ndipo penye tofauti na dada yetu.

Na wewe kijana wa Usagara, hiyo asilimia 30 naisikia kila mahali, toka kwa mafundi cherehani mpaka kwa wachora nembo. Haimo katika sheria yetu yoyote. Anayepima haangalii umebadilisha kiasi gani, anaangalia umechukua nini.

Kijana_Usagara

Sawa mkuu, lakini mbona kila mtu anaisema?

WakiliWaPwani

Kwa sababu inawafaa wanaoiga.

BintiNgamiani

Nakujibu wakili, na mengine nina aibu nayo.

Jina nimesajili kama jina la biashara, alama sijasajili. Nilidhani ni kitu kimoja.

Picha niliweka Instagram mwezi wa nane mwaka jana, wiki mbili kabla sijaanza hata kuuza. Nilikuwa na furaha tu.

Vidirisha: wazo la kupitisha ukili ni langu, marehemu bibi yangu alikuwa msusi. Vipimo vya vidirisha alivichora fundi wangu kwenye kipande cha boksi, na boksi hilo tunalikatia mpaka leo. Fundi mwenyewe aliondoka mwezi wa kwanza. Yuko kwa huyo bwana.

Na kuna duka moja kati ya yale manne, mteja wangu wa Korogwe kanunua pale, kaambiwa kwa mdomo na kwa wasapu kwamba ni yangu "toleo la bei nafuu". Gidamu imeng'oka siku ya tano. Kanitumia picha ananilaumu mimi.

MzeeWaMkonge

Ee bwana, kumbe mnyama mwenyewe katoka zizini.

WakiliWaPwani

Basi nifungue kidogo, maana hapa kuna mambo matatu yamefungwa furushi moja na kila moja lina mlango wake.

La kwanza ni umbo la kiatu. Umbo unalisajili likiwa bado jipya. Kwa huku Bara njia iliyozoeleka ni kupitia ARIPO, shirika la Afrika la miliki bunifu kule Harare, kwa ile Itifaki ya Harare ya 1982, unaitaja Tanzania katika maombi. Zanzibar wana sheria yao ya 2008 inayogusa maumbo, lakini haivuki maji. Wewe umeanika picha mwaka mzima kabla ya kufikiria kusajili. Mwenzio atachapisha picha yako mwenyewe, ataionyesha kama ushahidi kwamba umbo halikuwa jipya ulipoomba. Huo mlango kwa kubazi hili nauona umefungwa. Kwa kubazi lijalo uko wazi, ukinyamaza mpaka maombi yaingie.

La pili ni mchoro. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda hata kazi za sanaa zilizoko kwenye vitu vya matumizi, za mkono au za kiwandani, kwa miaka 25 tangu kutengenezwa, na haikudai usajili kwanza. Kwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni kujiwekea ushahidi. Lakini inalinda mchoro ulivyo, hailindi wazo la kuchanganya ngozi na ukili. Yeye ana vidirisha viwili na plastiki. Halafu siku ya kwanza tu wakili wake atamsimamisha fundi aseme, "Mimi ndiye nilichora." Una karatasi yoyote ya kazi na huyo fundi?

La tatu ni jina. Hapo ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Duka kuuza mali ya mwingine kwa sifa yako, mteja akadanganyika, na ukawa na ujumbe wa wasapu unaoonyesha hivyo, hilo ni kosa hata kama alama hujasajili. Ugumu wake ni kwamba bila usajili utalazimika kwanza kuthibitisha kuwa jina lako linajulikana. Ukiwa na cheti, mzigo huo unapungua sana.

BintiNgamiani

Karatasi na fundi hakuna. Tulikuwa tunalipana kila Jumamosi mkononi.

Mama_Mikoba_Bagamoyo

Dada pole, mimi yalinikuta Bagamoyo, ila walioniiga ni wasusi wangu wenyewe. Nilibuni mkoba wa ukili wenye mdomo wa ngozi, nikawafundisha akina mama sita kusuka pembe ya duara. Baada ya msimu mmoja nikaukuta Mji Mkongwe wa hapa hapa Bagamoyo karibu na Caravanserai kwenye meza tatu, umesukwa na mikono ile ile. Nilipowauliza wakaniambia, "Mama, kusuka tulijua kabla yako."

Na walikuwa kweli! Sikuwa na la kujibu. Nilichofanya ni kununua rangi mwenyewe na kuwapa ukili ulioshapakwa, kwa kipimo, na kulipa elfu mbili zaidi kwa mkoba. Mkoba wa rangi zile hauonekani mezani kwa watu. Wenye rangi nyingine wanauza, waendelee tu.

Sasa huyo fundi wako, uliwahi kumlipa chochote kwa kile kichoro?

BintiNgamiani

Nilimpa ofa ya Idi. Sikusema ni ya kichoro.

KariakooKwanza

Mtanichukia lakini acha niseme. Mimi ndiyo kazi yangu. Si Tanga, niko Dar, nafanya viatu vya wazi vya kike. Nikuambie tunavyofikiri huku upande wa pili, maana mnaongea kama vile tunaamka asubuhi tunawachukia.

Sikimbilii kitu kwa sababu kizuri. Nasubiri nione watu watatu tofauti wanakiuza na kinaisha. Kutoka hapo mpaka mzigo uko dukani ni siku 12 hadi 15: siku mbili kukata jozi ya mfano, siku tatu nne kutafuta soli inayofanana, zilizobaki ni kushona. Kwa hiyo anayetoa mtindo mpya miezi miwili kabla ya Idi ananisaidia sana. Anautangaza yeye, sikukuu ikifika nauza mimi. Anayetoa Ramadhani ikiwa kumi na tano, huyo simpati. Nikimaliza kushona watu wameshavaa.

Kitu kingine kinachonishinda ni kile ambacho fundi wangu hana mkononi. Ukili wa kweli siufanyi. Mafundi wangu hawajui kuulainisha, ukikauka unapasuka kwenye kona ya dirisha. Ndiyo maana huyo wa kwenu kaweka plastiki, si kwa ubahili peke yake.

Na barua ya wakili? Ya kwanza kila mtu anaiogopa. Ya pili unaizoea.

ShangaziPongwe

Mungu anakuona.

KariakooKwanza

Shangazi, na wewe wavaa viatu vyangu hapo ulipo.

FundiChumbageni

Huyu wa Kariakoo kasema kweli kuhusu ukili. Ukili wa miyaa unalowekwa usiku, unapitishwa ukiwa na unyevu kidogo, na dirisha likatwe kona za mviringo. Kona kali inaukata. Plastiki haina habari hiyo, lakini ukiiweka juani wiki mbili inafifia inakuwa nyeupe. Dada peleka jozi moja ya huyo bwana juani, weka na yako pembeni, piga picha kila siku. Usiandike neno.

Jingine. Muhuri wako wa moto uko wapi? Wengi wanapiga kisiginoni, jasho na msuguano vinaufuta miezi miwili. Piga katikati pale palipobonyea, mguu haufiki, utadumu mpaka kiatu kife. Mteja akija na lawama unageuza, unaangalia, ugomvi umekwisha.

MzeeWaMkonge

Mimi bado nasema haki haihesabiwi kwa shilingi. Mkiacha kushtaki kwa sababu ya gharama, kila mwenye karakana kubwa atawala wadogo.

MhasibuMstaafu

Mzee haki ina gharama zake na lazima mtu ajue anatoa nini. Tuhesabu. Duka likichukua jozi kwa 28,000 dada anabaki na 8,500. Amepoteza jozi 23 madukani, yaani 195,500 kwa mwezi. Dada, hujasema wale 25 wa mkononi wamekuwa wangapi.

BintiNgamiani

23. Wawili tu wamepungua. Tena mmoja kahamia Arusha.

MhasibuMstaafu

Hapo sasa. Wa mkononi unapata 18,500 kwa jozi, umepoteza 37,000. Jumla ni 232,500 kwa mwezi. Milioni na nusu ya wakili ni zaidi ya miezi sita ya hasara hiyo, na kesi haitaisha kwa miezi sita.

Lakini angalia hasara imekaa wapi. Wanaokujua hawajaondoka. Waliokuhama ni wenye maduka. Mwenye duka kwa jozi yako anabaki na 10,000. Ya yule bwana anainunua bei gani?

BintiNgamiani

Nasikia 11,000.

MhasibuMstaafu

Anabaki na 7,000, na pengine anauza tatu wakati yako inauzwa moja. Kwake ni 21,000 dhidi ya 10,000. Hata ukishinda kesi, kesho duka litaleta kiatu kingine cha 18,000 kisichofanana na chako kabisa na rafu yako itabaki vile vile. Unagombana na muigaji kumbe shida ni bei ya rafu.

WakiliWaPwani

Mhasibu kanipokonya chakula lakini kasema kweli. Ningekuwa wakili wako nisingemgusa yule bwana kwanza. Ningeanza na duka.

Nunua jozi pale mwenyewe, au mtume mtu. Dai risiti yenye jina la duka na tarehe. Kiatu kiweke kwenye mfuko, usikivae, usikikate. Yule mteja wa Korogwe mwombe asifute ujumbe wa wasapu, na ukubali kumrudishia nauli siku akiitwa. Kisha barua moja kwa duka: mmeuza mali isiyo yangu kwa jina langu, tarehe hii, ushahidi huu, acheni ndani ya siku saba. Barua ya namna hiyo haifiki milioni na nusu.

Wiki hiyo hiyo ingia BRELA kwenye mfumo wao wa mtandaoni wa ORS, omba alama, darasa la 25 ambalo ni la viatu. Kama unafikiria mikoba ya ngozi ongeza la 18. Maombi yakikubaliwa yanatangazwa na kuna siku 60 za mtu kupinga. Cheti ni cha miaka saba, halafu unahuisha kwa kumi kumi. Usichelewe, maana anayeweza kuliwahi jina lako ni mtu yeyote aliyeona linauza. Ukishapata cheti, hata Tume ya Ushindani utaenda na kitu cha kuonyesha. Leo ukiwapelekea mikanda miwili inayofanana watakusikiliza kwa adabu tu.

Na tafadhali, usimwandike yule bwana mtandaoni kwamba ni mwizi. Utageuka mshtakiwa wewe.

Kijana_Usagara

Kwa nini asisajili neno "makubazi" lenyewe? Wote wamlipe.

WakiliWaPwani

Neno la wote halisajiliki kwa bidhaa yake. Kuna kampuni ya Uingereza iliomba kusajili "kikoy" mwaka 2006, Wakenya wakapiga kelele, wakapinga, ombi likafa.

MzeeWaMkonge

Kwa hiyo yule bwana anaendelea tu na vidirisha vyake? Mimi hamjanishawishi.

WakiliWaPwani

Kwa vidirisha, mzee, nami sina raha. Kama dada angekuwa na karatasi ya fundi na mwenzake angeiga vitatu kwa vipimo vile vile, ningejaribu hakimiliki. Kwa hali ilivyo, ningemwambia mteja wangu nafasi ipo lakini ni nyembamba, na fedha ni zake.

BintiNgamiani

Wakuu nimerudi, wiki ya nne leo.

Barua ilikwenda dukani. Siku ya tatu mwenye duka alinipigia mwenyewe, akasema ni kijana wake wa kuuza ndiye aliyekuwa anatumia jina langu. Nimekubali kuamini. Viatu vya yule bwana bado vipo pale, jina halipo tena. Maduka mawili nimeyaacha kabisa. Lile la nne nimewapa jozi sita kwa mali kauli, na wanauza.

Maombi ya BRELA yameingia, nasubiri kutangazwa. Muhuri nimeuhamisha pale palipobonyea kama alivyosema fundi. Jozi mbili ziko juani kwenye paa, ya plastiki siku ya tisa imeanza kupauka, yangu imekolea kidogo kwa vumbi. Picha naweka kila asubuhi bila maneno. Watu wanauliza wenyewe.

Mtindo mpya ninao, hata ninyi siwaambii. Utatoka Ramadhani ikiwa katikati. Mama wa Bagamoyo, rangi nitanunua mwenyewe kama wewe.

Kuna mawili bado yananitafuna. Fundi wangu alinipigia simu, hakusema lolote la maana, kauliza watoto hawajambo. Sijui anataka kurudi au anataka kupeleleza. Na jana kaja mama mmoja na kubazi la yule bwana, gidamu imeng'oka, anataka nimshonee. Nimepokea. Mume wangu kanuna.

Mama_Mikoba_Bagamoyo

Mshonee, mtoze elfu tatu. Akikaa kusubiri ataona yako ukutani.

FundiChumbageni

Usimshonee! Ikikatika tena atasema kazi ni yako.

KariakooKwanza

Hongera dada. Huo mtindo mpya, ngozi yake laini au kavu?

BintiNgamiani

Ushaanza.